"Haiwezi Kuondolewa": Namna ya Kusoma Majibu ya Picha ya Kifua



Mazungumzo ya leo ni juu ya sentensi mbili fupi zinazokaa mwishoni mwa majibu ya picha za eksirei. Ya kwanza husema: "Kifua kikuu hakiwezi kuondolewa." Ya pili husema: "Linganisha na hali ya mgonjwa." Kwenye karatasi yenyewe zitakuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, maana ndiyo desturi ya hospitali zetu, lakini maana yake ndiyo hiyo. Aliyesomewa sentensi ya kwanza mara nyingi hutoka mlangoni akisema, "Nimeambiwa nina TB." Aliyesomewa ya pili hutoka akilalamika, "Nimelipia picha, halafu daktari mwenyewe hajui." Wote wawili wameelewa visivyo. Mimi nashikilia kwamba sentensi hizo, zikiandikwa vizuri, ni maagizo ya kazi. Zinasema picha imefika wapi, imeishia wapi, na nani anayeshika kipande kilichobaki.

Ili tusizungumze hewani, tumchukue mgonjwa mmoja. Ni mtu wa mfano, nimemtunga, ila mambo yake yote ni ya kawaida. Ni mvuvi wa dagaa wa Kagunga, kule mpakani na Burundi, umri wake miaka 52. Amekohoa wiki tatu. Mtu wa Kagunga akihitaji picha ya kifua, safari yake ni ya boti: anashuka na ziwa, anaipita Gombe, anateremka Kigoma. Kuna nauli ya kwenda na ya kurudi, kuna pa kulala, kuna usiku ambao nyavu hazikushushwa. Anafika hospitali, tabibu anamsikiliza kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu, anajaza fomu ya kuombea picha. Kwenye nafasi ya maelezo ya mgonjwa anaandika neno moja: "Kikohozi."

Picha inapigwa. Siku hizi inaweza kusomwa palepale, au kutumwa kwa mtandao kwa daktari bingwa wa radiolojia aliye mji mwingine, ambaye hatamwona mvuvi wetu wala kumsikia akikohoa. Majibu yanarudi hivi:

"Kuna michirizi na vivuli vidogo sehemu ya juu ya pafu la kulia. Shina la pafu la upande huo limevutwa juu kidogo. Pembe ya chini ya kulia imeziba kidogo. Hakuna tundu lililoonekana. Moyo una ukubwa wa kawaida. Hitimisho: mabadiliko yanayoendana na athari za kifua kikuu cha zamani. Ugonjwa ulio hai hauwezi kuondolewa. Linganisha na hali ya mgonjwa, makohozi na picha za zamani."

Hayo ni majibu mazuri sana, ingawa ukiyasoma mara ya kwanza utadhani mwandishi wake anakwepa. Tuyachambue.

Tuanze na swali ambalo mvuvi wetu ana haki ya kuliuliza: mtu aliyesomea picha miaka yote hiyo anashindwaje kusema kama hii ni TB au si TB?

Jibu liko kwenye eksirei yenyewe. Mionzi inapita mwilini, na kila kitu ndani ya mwili kinaizuia kwa kiasi chake. Hewa inaipitisha karibu yote, kwa hiyo pafu lenye hewa linatoka jeusi. Mfupa unazuia sana, unatoka mweupe. Mafuta yako katikati, na chuma ndicho cheupe kuliko vyote. Halafu kuna kundi moja kubwa ambalo kwa eksirei ni kitu kimoja tu: maji, damu, usaha, nyama, uvimbe. Vyote hivyo vinazuia mionzi karibu sawasawa, kwa hiyo vinatoka kwa weupe uleule. Pafu likijaa usaha wa nimonia, likivuja damu, likiota saratani au likiingiwa na kifua kikuu, picha inaonyesha jambo moja: palipotakiwa kuwa na hewa sasa pana kitu kingine. Rangi haitaji jina la kitu hicho.

Mvuvi analijua jambo hili kuliko watu wengi. Usiku taa inapowaka juu ya maji, anaona kundi limekusanyika chini ya mtumbwi, na kwa namna linavyozunguka ana dhana yake kama ni dagaa au ni mgebuka wadogo. Lakini uhakika anaupata wavu ukipanda.

Daktari wa radiolojia naye ana dhana, na si ya kubahatisha. Anaangalia mahali na umbo. Kifua kikuu cha mtu mzima hupenda sehemu ya juu ya pafu. Kovu la zamani hujikunja na kuvuta vitu vya jirani, ndiyo maana ripoti yetu ikataja shina la pafu lililovutwa juu. Michirizi iliyonyooka, yenye kingo kali, humpeleka kwenye kovu. Vivuli vyenye kingo hafifu, au tundu lenye ukuta mnene, humpeleka kwenye ugonjwa unaoendelea. Tatizo ni kwamba kovu na ugonjwa hai vinaweza kukaa sehemu moja ya pafu, kimoja juu ya kingine. Na picha ya kifua imekilaza kifua kizima, mbele na nyuma, kwenye bapa moja: mbavu, mfupa wa mtulinga na mishipa ya damu vyote vinapita juu ya ncha ya pafu, palepale TB inapopenda kukaa.

Kwa hiyo aliposema "ugonjwa ulio hai hauwezi kuondolewa", alikuwa anasema hivi: ninachokiona kinafanana na kovu, lakini kama kuna kidonda kidogo kipya katikati ya makovu haya, picha hii haitoshi kukionyesha. Huo ni mpaka wa kipimo. Daktari mwenye macho makali zaidi angekutana na mpaka uleule.

Na hata macho makali yana mipaka yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walipokuwa wakipima watu wengi TB kwa picha za kifua, watafiti kama Yerushalmy na Garland walifanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka. Waliwapa mabingwa picha zilezile wazisome zaidi ya mara moja bila kujua. Walikuta kwamba msomaji mzoefu aliweza kukosa karibu theluthi ya picha zenye ugonjwa, na kwamba msomaji huyohuyo, akirudishiwa picha zilezile, alijipinga mwenyewe karibu mara moja katika kila tano. Matokeo hayo yalichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na yaliwashtua wengi. Tangu hapo anayejua historia ya fani yake hawezi kuandika "hii ni TB" au "hii si TB" kwa wepesi, kwa sababu tu ya kivuli.

Tanzania nayo ina historia yake katika hili. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na miongoni mwa waliousaidia kusimama alikuwamo Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia. Styblo alishikilia kwamba msingi wa kumtambua mgonjwa wa TB uwe ni makohozi yaliyopimwa kwa darubini, wala si picha ya kifua. Darubini ilikuwa rahisi, iliweza kufika wilayani, na zaidi ya hayo iliona vimelea vyenyewe. Picha iliona kivuli tu. Utaratibu uliojengwa hapa kwetu na nchi nyingine chache ndio baadaye, katika miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani liliuchukua na kuutangaza ulimwenguni kote. Leo darubini imepata mwenzake mwenye nguvu zaidi, mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya kimelea ndani ya makohozi na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini kanuni imebaki: picha inatia shaka, makohozi yanathibitisha.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo ni la wasomaji wa ripoti kuliko waandishi. Sentensi "haiwezi kuondolewa" haina uzito mmoja kwa kila mtu. Uzito wake unategemea nani alikuwa amesimama mbele ya mashine.

Uchunguzi wa kwanza wa kitaifa wa TB hapa Tanzania, ule wa mwaka 2012, ulikuta takriban watu wazima 3 kwa kila 1000 wana kifua kikuu kilichothibitishwa maabara. Sasa tuseme tumewapiga picha watu wazima 1000 wa kawaida, wasio na malalamiko, wanaotafuta cheti cha afya ili wapate kazi. Wale 3 wenye TB, tuchukulie wote wameonekana. Katika wale 997 waliobaki, tuseme mmoja katika kila 10 ana kakivuli fulani: kovu la zamani, nimonia iliyopona, mshipa uliopita vibaya. Hao ni karibu 100. Kwa hiyo tuna ripoti 103 zenye shaka, na wagonjwa halisi ni 3 tu. Kijana wa cheti cha afya aliyeandikiwa "TB haiwezi kuondolewa" bado ana nafasi kubwa sana ya kuwa hana.

Tubadilishe kundi. Tuchukue watu 1000 waliokuja kliniki wakiwa wamekohoa wiki kadhaa, wamekonda, wanatoka jasho usiku. Kwa mfano tu, tuseme 150 kati yao wana TB, na picha imewaonyesha 140. Katika wale 850 wasio na TB, tukitumia kipimo kilekile cha mmoja katika 10, tunapata vivuli 85. Sasa ripoti zenye shaka ni 225, na 140 kati yake ni TB ya kweli. Kivuli kilekile, maneno yaleyale, lakini hapa zaidi ya nusu ni wagonjwa.

Ndiyo maana ya "linganisha na hali ya mgonjwa". Daktari wa radiolojia anakuambia: mimi nina kivuli, sina mtu. Wewe uliye na mtu mbele yako ndiye unayejua yuko kundi gani. Na kama fomu ilisema "kikohozi" basi, ulimficha jambo ambalo lingemsaidia kuwa na uhakika zaidi. Majibu ya mashaka mara nyingi huzaliwa na fomu tupu.

Turudi kwa mvuvi wetu tuone kulinganisha kunavyofanyika. Tabibu mwangalifu akipokea ripoti ile anamwita tena na kuanza upya.

"Mzee, umewahi kutumia dawa za TB?"

"Ndiyo, daktari. Miaka mingi imepita. Nilimaliza miezi yote sita."

"Picha ya wakati ule unayo?"

"Ipo Kagunga, kwenye sanduku."

Kwa maneno hayo machache ripoti imekwisha kubadilika uzito. Makovu yana maelezo sasa: kuna TB ya zamani iliyotibiwa. Tabibu anaendelea. Je, amekonda? Suruali inakaa kiunoni kama zamani? Jasho la usiku? Damu kwenye makohozi? Nani nyumbani anakohoa? Hali yake ya VVU ikoje? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu kinga ikishuka sana TB inaweza kuwepo na picha ikaonekana safi kabisa. "Hakuna dalili ya TB kwenye picha" maana yake ni kwamba picha haikuiona.

Mvuvi wetu, tuseme, hakukonda, hana jasho la usiku, kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi, ila anavuta sigara tangu ujana. Shaka imepungua lakini haijaisha. Kwa hiyo linafuata agizo la pili la ripoti: makohozi. Anatoa makohozi ya kutoka kifuani, si mate, yanakwenda kwenye mashine. Yanarudi hayana vimelea.

Na hapa pana mtego unaofaa kujulikana. Kama yangerudi na vimelea kidogo sana, bado tabibu asingekurupuka. Kwa mtu aliyewahi kutibiwa TB, mashine inaweza kukamata vinasaba vya vimelea vilivyokufa, vilivyobaki pafuni miaka kadhaa baada ya kupona. Katika hali hiyo sampuli hupelekwa kuoteshwa maabara, na kuotesha kunachukua wiki kadhaa, kwa sababu kimelea hiki hukua polepole. Kinachoota ni kile kilicho hai peke yake. Kwa hiyo hata kipimo tunachokiita cha kuthibitisha nacho kina "haiwezi kuondolewa" yake.

Agizo la tatu ni picha za zamani. Kwa mtu mwenye makovu, hiki ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachosahauliwa. Picha ya miaka iliyopita ikiwekwa kando ya hii ya leo, na michirizi ikawa ileile, mahali palepale, kwa ukubwa uleule, basi ni kovu kwa uwezekano mkubwa sana. Kwa kawaida madaktari hutaka kivuli kiwe hakijabadilika kwa muda usiopungua miezi sita ndipo wakiite kimetulia. Kukiwa na kivuli kipya ambacho picha ya zamani haina, mambo yamegeuka, hata kama makohozi ya kwanza hayakuonyesha kitu. Picha iliyolala kwenye sanduku kule Kagunga ina thamani kuliko picha mpya ya pili na ya tatu.

Bado ile pembe ya chini iliyoziba kidogo. Pafu linapokutana na mbavu na kiwambo huacha pembe kali; maji yakijikusanya kwenye utando wa pafu, pembe hiyo hujaa. Lakini utando ukiwahi kuvimba kwa TB ya zamani na kushikana, pembe nayo huziba, bila maji yoyote. Kwenye picha aliyopigwa mtu akiwa amesimama hayo mawili yanaweza kufanana. Zaidi ya hapo, inahitajika takriban mililita 200 za maji kabla pembe hiyo haijaonekana wazi kuziba. Maji pungufu ya hapo picha inaweza isiyaone. Mashine ya ultrasaundi, ileile inayotumika kwa wajawazito, huona maji kidogo kuliko hayo, na hutofautisha maji na kovu kwa dakika chache. Mvuvi wetu anapimwa: hakuna maji. Pembe ni kovu.

Tuseme na ile picha ya kwenye sanduku imeletwa, na michirizi ni ileile. Sasa hesabu inafungwa: makovu ya TB ya zamani, kikohozi cha mapafu yaliyoumia na kuongezewa sigara, hakuna sababu ya kuanza dawa za TB leo. Anaambiwa waziwazi dalili za kumrudisha haraka: damu kwenye makohozi, kukonda, homa isiyoisha. Damu kwa mtu mwenye makovu haipaswi kungojwa, kwa sababu inaweza kuwa TB imerudi, kuvu iliyoota ndani ya tundu la zamani, au saratani, na vyote vitatu hutibiwa tofauti.

Tazameni ambavyo mambo yangeharibika. Tabibu wa haraka angesoma "hauwezi kuondolewa", akampa dawa za miezi sita. Dawa hizo zinaokoa maisha ya mwenye TB, lakini zinaweza kuumiza ini, na mtu asiye na TB angezimeza bure huku sababu halisi ya kikohozi chake ikiendelea. Tabibu mwingine angesoma "TB ya zamani", akafunga jalada, asipime makohozi. Na kama kidonda hai kilikuwamo, mvuvi angerudi kwenye nyumba yenye watoto akiwa bado anakohoa vimelea. Makosa yote mawili yanatoka kwenye sentensi ileile, kwa sababu kila mmoja aliisoma nusu.

Sitaki kuwatetea waandishi wa ripoti kupita kiasi. Zipo sentensi za mashaka ambazo ni uvivu, au ni kinga ya mwandishi endapo siku moja ataulizwa. Kuzitambua si vigumu. Angalia kama sentensi inasema linganisha na nini. "Linganisha na hali ya mgonjwa" iliyowekwa mwishoni mwa kila ripoti, hata ya mkono uliovunjika waziwazi, haimwagizi mtu chochote. "Linganisha na makohozi na picha za zamani" inaagiza. Angalia pia kama magonjwa yamepangwa kwa uzito au yamemwagwa tu. Ripoti inayosema "inaweza kuwa nimonia, TB, saratani au kovu" imetaja kila kitu, kwa hiyo haijasema kitu. Ripoti iliyosema "inaendana na kovu, ugonjwa hai hauwezi kuondolewa" imekupa ngazi: kovu mbele, TB hai nyuma yake lakini bado iko barazani.

Ngazi hizo zimewasumbua hata madaktari wenyewe. Madaktari wawili wakisoma neno "huenda" katika ripoti, mmoja anaweza kuelewa nusu kwa nusu na mwingine akaelewa karibu hakika. Hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering ya New York iliamua kuweka kamusi ndogo ya maneno matano, kila moja na kipimo chake. "Inaendana na" ni zaidi ya asilimia 90. "Inaelekea kuwa" ni kama 75. "Huenda" ni kama 50. "Si rahisi kuwa" ni kama 25. "Haielekei kabisa" ni chini ya 10. Madaktari Panicek na Hricak waliieleza hadharani mwaka 2016. Uzuri wa mpango huo si namba zenyewe. Ni kwamba anayeandika na anayesoma wanashika kipimo kimoja. Na mtaona kwamba "haiwezi kuondolewa" haimo katika orodha hiyo. Haimo kwa sababu haina ngazi: inaweza kusemwa juu ya jambo lenye asilimia 2 na juu ya jambo lenye asilimia 40. Kwa hiyo msomaji akikutana nayo peke yake, bila neno la mbele yake la kuipa uzito, afanye jambo lililo rahisi kuliko kubuni: apige simu amuulize mwandishi, "Wewe ungeweka TB mbele au nyuma?" Dakika mbili za simu zinaweza kumwokolea mtu safari nzima ya ziwa.

Na safari hiyo ndiyo inayonifanya nilizungumzie jambo hili hapa. Mtu wa Mwanga au Katubuka akiambiwa "rudi baada ya wiki mbili tupige tena", anatembea au anapanda bodaboda. Mtu wa Kagunga anatafuta nauli ya boti na kuomba ziwa litulie. Sentensi ya mashaka isiyo na agizo humgharimu yeye zaidi kuliko mwingine yeyote. Kwa hiyo kwa watu wa kando ya ziwa, ripoti nzuri na tabibu mzuri hupanga vinavyoweza kufanywa siku hiyohiyo: makohozi yatolewe kabla boti haijaondoka, ultrasaundi ifanyike asubuhi hiyo. Panapotakiwa sampuli nyingine, iulizwe kwanza kama inaweza kuchukuliwa kwenye kituo cha karibu na kusafirishwa, ili isafiri chupa na mgonjwa abaki nyumbani. Vipimo vya makohozi na dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure. Kinachomwangusha mgonjwa ni nauli.

Nanyi wagonjwa na mnaowasindikiza wagonjwa, mna sehemu yenu. Kabla ya picha, mwambieni tabibu mambo ambayo fomu haitayajua msipoyasema: kwamba mliwahi kutibiwa TB na mwaka gani, kwamba mlianguka, kwamba mlifanyiwa upasuaji. Picha za zamani na kadi za matibabu zifungeni kwenye nailoni zisilowe, mje nazo. Ziwa halina huruma na karatasi. Na majibu yakisomwa yakawa na "haiwezi kuondolewa", msiondoke kabla hamjauliza maswali matatu. Mnadhani ni nini hasa, na nini kinafuata nyuma yake? Kipimo gani kitamaliza shaka hii? Na nikiona dalili gani nisingoje siku ya miadi?

Tabibu mwenye majibu ya maswali hayo matatu ameshailinganisha picha na hali ya mgonjwa, kama alivyoagizwa. Asiye nayo bado hajamaliza kuisoma ripoti, na una haki ya kumsubiri aimalize.